Kumwandaa muuguzi mgeni kwa mtihani wa Kiswahili cha kukabidhi zamu

Swali lililomwangusha mgeni wangu wa kwanza halikuwa gumu. Msimamizi alimuuliza, "Dada, sindano inayofuata ni saa ngapi?" Kwenye chati palikuwa pameandikwa 22:00. Akajibu bila kusita, "Saa kumi usiku." Msimamizi akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaendelea. Saa kumi usiku ni 04:00. Ingekuwa wodini kweli, mgonjwa angechelewa sindano kwa saa sita, na aliyepokea zamu asingekuwa na kosa lolote, maana alifanya alichoambiwa.

Dada huyu hakuwa mvivu. Alijua kongosho, wengu, kibofu, hata nyongo. Alikuwa amekariri daftari zima. Tangu siku ile nimewaandaa wengine kadhaa hapa Moshi, wengi kutoka Ulaya, wachache kutoka Uganda, na naona jambo lile lile. Kwenye kukabidhi zamu, wageni hawaanguki kwa kukosa majina ya magonjwa. Wanaangushwa na saa, na vitenzi vinavyosema kipi kimefanyika na kipi bado. Kwa hiyo ukipewa mgeni na mkuu wa wodi akakwambia "mwandae, mtihani wiki sita zijazo", anzia hapo.

Mtihani niliozoea kuuona una sehemu tatu. Mgeni anakaa na "mgonjwa", ambaye ni mmoja wetu aliyepewa maelezo ya kuigiza, kwa dakika kumi hivi. Kisha anapewa dakika tano peke yake na chati. Mwisho anatoa ripoti kwa muuguzi anayeingia zamu, anaulizwa maswali, anamaliza. Kwingine watapunguza au kuongeza dakika, lakini mwendo ni huo: sikia, panga, kabidhi.

Wiki mbili za kwanza: saa tu

Najua utaona ni nyingi. Mgeni mwenyewe atalalamika kuwa saa alijifunza siku ya pili ya darasa. Ni kweli, na akiwa ametulia anakokotoa vizuri: toa sita, au ongeza sita. Tatizo ni kwamba kwenye ripoti hana nafasi ya kukokotoa. Akibanwa, ulimi unarudi kwao.

Acha hesabu. Mfungie kila saa kwenye jambo linalotokea wodini. Jua linapochomoza ni saa kumi na mbili asubuhi, ndipo tunapopima joto na presha kabla ya kukabidhi. Ndugu wanapoingia na vyombo vya chakula cha mchana ni saa sita na kitu. Dawa za kabla ya kulala ni saa nne usiku. Kata kadi 24, upande mmoja andika 14:00, 03:00, 22:00, upande wa pili usiandike kitu. Unamwonyesha kadi, anatamka. Ukiona macho yanapanda juu kutafuta, hajaiva. Kadi hiyo irudi chini ya fungu, aje aikute tena.

Sharti moja lisilovunjwa: saa isitamkwe bila kipindi chake. "Saa kumi na moja" peke yake ni nusu ya habari, kwa sababu kuna kumi na moja alfajiri na kumi na moja jioni. Sisi wenyeji huacha kipindi kwa kuwa mazingira yanatusaidia. Mgeni asituige hapo.

Baada ya hapo mpe dawa inayotolewa kila baada ya saa nane. Chati inasema 06:00, 14:00, 22:00. Kwa Kiswahili ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Unaona mtego ulipo: dawa ya kila baada ya saa nane, na dozi yake ya kati ni saa nane. Mgeni akisema "anapewa saa nane", aliyepokea ataelewa dozi moja, mchana, basi. Ndiyo maana wodini wengi husema "kila baada ya masaa nane". Walimu wa sarufi hawalipendi neno hilo "masaa", lakini mimi simkosoi mgeni akilitumia, kwa sababu linatenganisha muda na wakati. Akitaka usanifu, aseme "kila baada ya saa nane" na asiiangushe "kila baada ya".

Jingine la saa ni jina la usiku wenyewe. Leo Jumatano asubuhi, tukio la saa tisa usiku uliopita utalisemaje? Mgeni atasema "jana usiku", na anayesikia atafikiri saa mbili au tatu za jioni ya Jumanne. Tunasema "usiku wa kuamkia leo". Mfundishe aliseme kama neno moja. Likishamkaa mdomoni, ripoti yake ya asubuhi inakaa sawa.

Kipi kimefanyika, kipi bado

Hapa silabi moja inabeba kazi ya zamu nzima. Chukua kukojoa. "Hajakojoa" maana yake tunasubiri, tangu saa uliyoitaja mpaka sasa bado. "Hakukojoa" ni habari ya wakati uliopita na kufungwa: usiku hakukojoa, huenda asubuhi alikojoa. "Hakojoi" ni hali yake kwa jumla, pengine figo zimegoma. Mgeni anayesema "hakojoi" kumbe alikuwa na maana ya "hajakojoa tangu saa kumi alfajiri" atamfanya daktari akimbie bure. Akikosea kwa upande wa pili, daktari hatakimbia panapotakiwa kukimbia.

Zoezi lake ni jepesi. Mwishoni mwa kila siku, andika mambo sita ya mgonjwa wa kubuni, matatu yamefanyika na matatu bado. Mgeni ayaseme yote kwa sauti: "Dripu imeisha, haijabadilishwa. Damu imechukuliwa, majibu hayajarudi. Ameamka, hajala." Usiruhusu neno "bado" kusimama peke yake. Ukimuuliza "Kidonda kimesafishwa?" naye akajibu "Bado", ni Kiswahili safi kabisa cha mtaani, lakini kwenye mtihani unataka kusikia "hakijasafishwa", ili msimamizi aone kwamba ngeli na kitenzi vyote viko mkononi.

Halafu umwa. "Anaumwa kichwa" na "kichwa kinamuuma" ni sawa. "Anauma" ni habari ya mbwa. "Ameumia" ni jeraha. Wageni huchanganya haya hadi wiki ya mwisho, usichoke.

Maneno ya mgonjwa, si ya kitabu

Msamiati unaofaa ni ule utakaotoka kinywani mwa mama wa Kibosho au mzee wa Same, na mwingi hauko kwenye madaftari ya wageni. Wa hatari zaidi ni ule unaoonekana rahisi.

Neno "moyo" ndilo la kwanza. Mgonjwa akisema "moyo umechafuka", ana kichefuchefu. "Moyo ulikataa" chakula, hakuwa na hamu ya kula. "Chembe ya moyo inauma", anaonyesha pale chini ya kifua, juu ya tumbo. Mgeni asiyejua anaandika maumivu ya moyo mara tatu kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayelalamikia moyo. Lakini "moyo unaenda mbio" au "kifua kinabana" hayo ayachukulie kama yalivyo, aulize zaidi, apime. Dawa ya mkanganyiko huu ni sentensi moja tu: "Naomba unionyeshe kwa kidole panapouma." Aikariri.

"Mguu" nao. Kwetu mguu unaanzia kwenye nyonga unaishia kwenye vidole, kama mkono unavyoanzia begani. "Mguu unawaka moto" haijatosha kuingia kwenye ripoti. Ni paja, goti, ugoko, kifundo, kisigino au unyayo? Wa kulia au wa kushoto? Mpitishe mwili mzima kwa kugusa, si kwa picha.

"Homa" ni neno pana mno. Mgonjwa anaweza kuwa na maana ya joto la mwili, au uchovu na maumivu ya viungo, au malaria aliyojipima mwenyewe kwa kichwa. Ripotini mgeni aseme namba: joto thelathini na nane nukta mbili. Homa ibaki kuwa neno la mgonjwa.

Kuna majibu ambayo si majibu. "Unaendeleaje, mama?" "Namshukuru Mungu." Huo ni ustaarabu, haujasema lolote juu ya hali yake. Mgeni asiliandike kama "anaendelea vizuri". Aitikie, kisha aulize jambo moja moja: usingizi, chakula, choo, maumivu. Na akiambiwa "nilionja" kuhusu chakula, ajue hakikuliwa kitu. Hapa Moshi ndugu wataleta chupa ya mtori, mgonjwa atachota vijiko viwili ili kuwaridhisha, na chupa itakaa kabatini ikionekana kama mtu amekula. Mfundishe kuuliza "vijiko vingapi?"

Kuhusu heshima nitasema machache. Shikamoo kwa mkubwa, kabla ya lolote, na asimame aisikie marahaba. Kwa mgonjwa ni "haja ndogo", "umepata choo?", kwa sauti ya chini, hasa kwa mzee wa kiume. Kwenye ripoti kwa muuguzi mwenzake aseme "amekojoa" na "ameharisha mara tatu" bila kuzungukazunguka. Wageni wengine husoma kwamba Kiswahili ni lugha ya tafsida, wakaja kutoa ripoti ya kuharisha iliyofunikwa shuka hata haieleweki mgonjwa kafanya nini.

Igizo moja, kutoka kitandani hadi kwenye ripoti

Nakupa moja ninalolitumia wiki ya nne. Chati ya mgeni ina haya tu: kitanda 7, mama wa miaka 58, kisukari, kidonda cha unyayo wa kulia, siku ya 3. Insulini 19:00. Sukari 3.1 saa 03:00, 4.6 saa 03:15, daktari kwa simu 03:30, sukari 6.8 saa 06:00. Kidonda kilisafishwa jana 10:00, cha leo kimepangwa 10:00. Maagizo ya daktari: insulini ya asubuhi isitolewe mpaka amwone.

Anayeigiza mgonjwa umwambie asitoe habari bila kuulizwa. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba sista, karibu."

"Ahsante. Pole na kuumwa. Unaendeleaje asubuhi hii?"

"Namshukuru Mungu."

"Usiku umelalaje?"

"Nilipitiwa na usingizi, nikashtuka kijasho chembamba kinanitoka, macho yanaingia giza."

"Pole sana mama. Jana jioni ulikula?"

"Nilionja."

"Ulionja vijiko vingapi?"

"Kama viwili. Wanangu walileta mtori, moyo ukakataa."

"Moyo ulichafuka, ukatapika?"

"Sikutapika, kichefuchefu tu."

Angalia swali la mwisho. Mgeni amelitumia neno la mgonjwa, akaongeza lake la kutofautisha. Hapo namwongezea alama. Na lile la vijiko ndilo linaloeleza tukio zima: insulini ilichomwa, chakula hakikuingia, sukari ikashuka. Asipouliza, ripoti yake itakuwa na namba zote na haitakuwa na sababu.

Sasa dakika tano za kupanga. Aandike vichwa vinne kwenye karatasi, kila kimoja kwenye mstari wake: nani na yuko hapa kwa nini, kimetokea nini zamu hii, yukoje sasa, nini kimebaki. Saa zote za chati azigeuze hapo hapo na kuziandika kwa maneno, "saa tisa usiku", si 03:00. Asisome namba za chati akiwa anaongea. Nimeona watu wazuri wakiangukia pale pale.

Ripoti inayopita inasikika hivi, na inatolewa chini ya dakika mbili:

"Kitanda namba saba, mama wa miaka hamsini na nane, leo ni siku ya tatu wodini. Ana kisukari, amelazwa kwa kidonda cha unyayo wa mguu wa kulia. Usiku wa kuamkia leo sukari ilishuka. Jana saa moja jioni alichomwa insulini, lakini alikula vijiko viwili tu kwa sababu ya kichefuchefu, hakutapika. Saa tisa usiku nilimkuta anatokwa na jasho na anatetemeka, ila anaongea na anameza vizuri. Sukari ilikuwa tatu nukta moja. Nikampa sukari vijiko vinne vya chai kwenye nusu glasi ya maji. Baada ya dakika kumi na tano ikawa nne nukta sita, akanywa uji kikombe kimoja. Saa tisa na nusu nilimpigia daktari wa zamu. Saa kumi na mbili asubuhi sukari ilikuwa sita nukta nane. Sasa yuko macho, hatokwi na jasho, hatetemeki. Yamebaki matatu. Insulini ya asubuhi hajachomwa, na daktari amesema asichomwe mpaka amwone kwenye raundi. Kifungua kinywa hajala, tumsimamie mpaka ale. Kidonda cha leo hakijasafishwa, kisafishwe saa nne asubuhi."

Sukari ya vijiko na uji havikuwa kwenye chati. Hayo mgeni huambiwa kwa mdomo na msimamizi kabla ya dakika tano kuanza, makusudi, kuona kama ataandika.

Kuna mahali pawili pa kusikiliza kwa makini. "Anaongea na anameza vizuri" ndiyo inayohalalisha kumpa sukari kwa mdomo. Asiyemeza vizuri hapewi kitu mdomoni, anahitaji sukari ya kwenye mshipa. Mgeni akiiruka, muulize kwa nini alimnywesha, aone mwenyewe. Na "asichomwe": wageni hupenda kusema "hachomwi" au "hatachomwa". Yote mawili yanasikika kama taarifa. "Asichomwe mpaka" ni agizo, na aliyepokea anajua ni agizo.

Kisha maswali. Moja uliulize hivi, kwa haraka, kama tunavyoulizana wenyewe: "Insulini amechomwa?" Mgeni akijibu "Ndiyo" au "Hapana", ameshakwama, kwa kuwa kuna insulini mbili. Jibu ni "Ya jana jioni amechomwa, ya leo hajachomwa." Rudieni hili mpaka acheke akilisikia.

Geuza zamu pia. Wewe toa ripoti, yeye apokee. Hapo ndipo anapojifunza kusema "Samahani dada, rudia hapo kwenye saa," na "Naomba nirudie: insulini asichomwe mpaka daktari amwone, ni sawa?" Wageni huogopa kurudia wakidhani watakatwa alama. Kwa wasimamizi niliokaa nao, anayerudia maagizo hupata zaidi ya anayetikisa kichwa. Namba zinazofanana, sita na sitini, saba na sabini, arudie kila mara.

Siku zilizobaki

Wiki mbili za mwisho fanyeni igizo moja kila siku, mgonjwa mpya kila mara: mtoto mwenye degedege, kijana wa bodaboda aliyefungwa hogo mguuni, mzee mwenye mpira wa mkojo ambao hautoi kitu. Badilisha anayeigiza mgonjwa. Mgeni aliyezoea sauti yako atashtuka akikutana na bibi anayechanganya Kiswahili na Kimachame. Mfundishe kumwita ndugu wa mgonjwa asaidie, kisha arudi kuthibitisha kwa kidole na kwa vitendo.

Rekodi sauti yake kwenye simu, isikilizeni pamoja siku hiyo hiyo. Wagonjwa wawe wa kubuni. Ripoti ya kweli ya wodi haiingii kwenye simu ya mtu, hata ukiondoa jina, maana kitanda namba saba kila mmoja anamjua. Mkisikiliza, msihesabu makosa yote. Hesabuni saa zilizotamkwa bila kipindi, na vitu vilivyobaki ambavyo havikutajwa saa yake. Vikifika sifuri kwa siku tatu mfululizo, mpeleke.

Dada yule wa kwanza alirudia baada ya mwezi. Alikuwa ameandika kadi ya 22:00 peke yake na kuibandika ndani ya kifuniko cha daftari. Msimamizi, mkorofi kidogo, alimuuliza swali lile lile. "Saa nne usiku, leo," akasema. "Haijachomwa."